Dada yuko Leipzig, maboksi ya rangi ya nywele yote ni Kijerumani: achukue lipi?

Tabasamu_Umoja
Hamjambo. Dada yangu amehamia Leipzig mwezi jana. Nywele zake ni asilia, hazijatiwa dawa. Akizivuta zinagusa mabega. Mvi zimejaa kwenye panja na mstari wa mbele, kwingine ni moja moja, nakadiria robo ya kichwa. Hapa Nairobi alikuwa anapaka ule unga mweusi wa kuchanganya na maji, na mara ya mwisho ni miezi mitatu iliyopita. Sasa yuko dukani, unga huo hauoni, na boksi lenye picha ya mtu mwenye nywele kama zetu hakuna. Amenitumia picha za maboksi matatu. Nanakili yaliyoandikwa mbele:

A: Intensivtönung, 1-0 Schwarz, ohne Ammoniak
B: Dauerhafte Coloration, 3-0 Dunkelbraun, 100 % Grauabdeckung
C: Dauerhafte Coloration, 5-0 Hellbraun (hili ndilo analolipenda, picha ni kahawia ya kupendeza)

Achukue lipi?

Otis_Kawangware
Mwambie asihangaike, rasta za kahawia ziko tayari madukani, asuke tu.

Tabasamu_Umoja
Kaka, ni nywele zake mwenyewe za kichwani, si za kusukia.

Fundi_Ngara
Aweke C chini kwanza. Picha ya mbele haimhusu. Ageuze boksi aangalie nyuma: huwa kuna vipande vitatu hivi vya nywele, kila kimoja kikionyesha rangi ya kuanzia na rangi itakayotokea. Rangi ya kuanzia wanaiita "Ausgangshaarfarbe". Kama kipande cheusi kabisa hakimo kwenye safu hiyo, kampuni imeshamwambia kwamba boksi hili halikutengenezewa kubadilisha nywele nyeusi.

Sababu ni hii. Namba ya kwanza ni ngazi ya giza, 1 ni nyeusi na 10 ni manjano hafifu kabisa. Nywele zetu ziko 1 au 2. Rangi ya kudumu ya boksi huwa na nguvu ya kupandisha ngazi moja au mbili, basi. Kutoka 2 mpaka 5 haifiki, atapata nyeusi inayong'aa wekundu akisimama juani. Na hapo nazungumzia nywele ambazo hazijawahi kupakwa.

Za dada yako zimepakwa, na rangi haitoi rangi. Urefu wote wenye ule unga mweusi utabaki mweusi vilevile hata akipaka C mara tano. Kitakachobadilika ni sentimita mbili tatu zilizoota tangu hapo: ngozi ya kichwa ina joto, rangi inafanya kazi haraka, nywele nyeusi za mzizini zitageuka kahawia nyekundu na mvi zitakuwa kahawia ya wazi. Atatembea na mzizi mwekundu na ncha nyeusi, na kurekebisha hapo ni kupaka nyeusi juu yake tena.

Rangi_Mwafaka
Mimi ningemwambia A. Imeandikwa "ohne Ammoniak", bila amonia, kwa hivyo haina kemikali na haiwezi kumdhuru. Halafu ni nyeusi, mvi zitapotea.

Fundi_Ngara
Nusu ni kweli. Bila amonia maana yake harufu haitamtoa machozi. Kazi ya amonia ni kufungua magamba ya unywele rangi iingie, na ikitolewa lazima kitu kingine kifanye kazi hiyo. Mara nyingi ni "Ethanolamine", ataiona kwenye orodha ya viambato. Dawa zenyewe zinazotengeneza weusi ni zilezile.

Neno la kumsaidia kuchagua ni "Tönung". Kuna ngazi tatu za rangi kwenye rafu za Kijerumani, na maboksi mengi huandika "Stufe" 1, 2 au 3 pembeni. "Tönung" peke yake, ngazi ya 1, inakaa juu ya unywele na kuondoka baada ya kuosha mara sita hadi nane. "Intensivtönung", ngazi ya 2, inachanganywa na chupa ya pili na inaingia ndani kidogo, hufifia taratibu kwa kuosha kama mara ishirini na kitu. "Coloration" au "Haarfarbe" yenye neno "dauerhaft", ngazi ya 3, haiondoki, unasubiri unywele uote. Yenye "Blondierung" au "Aufheller" aikimbie, hiyo ni blichi.

Sasa mvi. Mvi za nywele za kipilipili ni ngumu, uso wake umefunga, zinakataa rangi. Ngazi ya 2 itazipunguza makali lakini kwa robo ya kichwa, tena zikiwa zimerundikana mbele, ataanza kuona kijivu ndani ya wiki chache. "Grauabdeckung" ndiyo kufunika mvi. Kwa kazi aliyoisema, B ndilo lenye mantiki.

Mrembo_SouthB
Fundi, 3-0 si ni kahawia? Kwa nini asichukue 1-0 ya kudumu?

Fundi_Ngara
"Dunkelbraun" ni kahawia ya giza, na giza lake ni kubwa kuliko jina. Ikipakwa juu ya nywele nyeusi huioni kabisa, kwenye mvi inaonekana nyeusi laini. 1-0 kwenye mstari wa mbele inakuwa kama wigi, na ikimwagikia paji la uso inakaa siku tatu.

KalamuYaKucha
Hapo hatukubaliani. 3-0 kwenye mvi nyingi ikianza kufifia inaelekea wekundu, na wekundu mbele ya uso unaonekana kutoka upande wa pili wa barabara. 1-0 ikififia inakuwa kijivu cha moshi, angalau inafanana na nywele. Wateja wengi wa Nairobi wamezoea nyeusi tii, usiwauzie kahawia.

Fundi_Ngara
Inategemea anaosha mara ngapi na maji ya wapi. Tuliache hapo, anaweza pia kuchukua 2-0 akiiona. Asichukue tu ile ya "Blauschwarz". Neno hilo ni nyeusi ya bluu, na kwenye unywele mweupe ile bluu inajitokeza.

Rangi_Mwafaka
Kuhusu namba, nyongeza: ya pili ndiyo toni. 4 ni shaba kila mahali duniani, 6 ni nyekundu. Akijua hizo hahitaji Kijerumani.

KalamuYaKucha
Namba ya kwanza inafanana karibu kila mahali. Ya pili hapana. Kampuni moja 4 ni shaba, nyingine 4 ni nyekundu, na 6 kwa moja ni nyekundu na kwa nyingine ni zambarau. Sifuri tu ndiyo ya kuaminika, ni rangi ya kawaida isiyo na toni, na ndiyo inayofunika mvi vizuri zaidi. Namba ya toni isomwe pamoja na jina la rangi lililo chini yake.

Dredi_za_Kibra
Na mimi nina dredi za miaka sita, hiyo B nikiagiza itashika?

Fundi_Ngara
Itashika kwa nje. Tatizo lako ni kuosha: rangi inayobaki katikati ya dredi inaendelea kukausha na kuwasha. Fungua uzi wako tukuelezee, hapa tumalize la Leipzig.

Tabasamu_Umoja
Asanteni sana. Amechukua B, maboksi mangapi? Na anachanganyaje, na maji kama ule unga?

Fundi_Ngara
Maji hapana! Unga wa hapa nyumbani umewekewa kila kitu ndani na maji ndiyo yanayouamsha. Boksi la huko lina vitu viwili: tyubu ya rangi na chupa ya "Entwickler", ambayo ni peroksaidi. Kinachoamsha rangi ni hiyo chupa. Akitia maji anapata uji wa kahawia usioshika kitu. Na akiona chupa za peroksaidi zinauzwa peke yake, huko zinaandikwa kwa asilimia. 6 % ndiyo ile tunayoiita volyum 20 kule Dubois, 9 % ni 30, na 12 % ni 40. Kwa kufunika mvi 6 % inatosha, lakini boksi lake tayari lina ya kwake, asibadilishe.

Maboksi mawili. Kipimo cha boksi kimekadiriwa nywele nyembamba zilizolala. Zake zimejaa na zinakunywa. Ila asichanganye yote mawili kwa pamoja. Mchanganyiko ukishakutana na hewa unapoteza nguvu, na kichwa cha namna yake kinachukua dakika arobaini mpaka saa kupaka. Achanganye la kwanza, apake mbele na panja ambako mvi ndiko ziliko, halafu achanganye la pili kwa kisogo na katikati. Ule uliobaki autupe. Akiufunga kwenye chupa gesi inajaa na chupa inapasuka.

Nywele asizioshe siku moja au mbili kabla, na afumue kila kitu, azichambue taratibu kwa vidole na chanuo la meno mapana zikiwa kavu. Azigawe sehemu nne, kila sehemu aisokote mabutu ili zivutike, maana zikijikunja rangi inabaki juu na mzizi unabaki mweupe. Anafungua butu moja, anapaka kwa mistari ya sentimita moja, analifunga tena. Mafuta ya mgando kwenye paji, masikio na shingo kabla ya kuanza. Kwa kuwa ncha zake tayari ni nyeusi, apake mzizi tu kwanza. "Einwirkzeit" ni muda wa kuiacha, na aanze kuuhesabu amalizapo kupaka. Zikiandikwa dakika 30 na mvi zake ni ngumu, karatasi ya ndani itasema kama anaruhusiwa kuongeza. Dakika tano za mwisho ndipo apitishe kidogo urefuni kuamsha mng'ao.

Dawa_na_Ngozi
Nimesubiri mtu aulize, naona hakuna. Mimi niko upande wa famasia. Tabasamu, kabla hajafungua boksi: dada yako amewahi kupakwa piko? Arusi, Idi, Mombasa, popote. Siulizi hina nyekundu, naulizia ile nyeusi.

Tabasamu_Umoja
Mwaka jana Disemba kwenye arusi ya binamu yetu Mombasa. Ilimwasha sana mkononi, ikafanya malengelenge kufuata yale maua yaliyochorwa, siku kama kumi hivi. Tulidhani hina ilikuwa mbaya. Inahusiana?

Dawa_na_Ngozi
Inahusiana kabisa. Arudishe boksi rafuni.

Piko nyeusi mara nyingi ni ule unga wa rangi ya nywele, unachorwa kwenye ngozi bila kipimo na kuachwa kwa masaa. Kinachowasha ndani yake ni kiambato kimoja, na jina lake kwenye lebo ni hili, anakili herufi kwa herufi: "p-Phenylenediamine". Mwili ukishakijua hausahau. Malengelenge yaliyofuata mchoro ni mwili kusema umekijua. Alikuwa na bahati kama unga wa miezi mitatu iliyopita haukumfanya kitu, au ulimwasha akadhani ni joto.

Viambato havitafsiriwi. Chini ya neno "Ingredients", majina ni yaleyale kuanzia Leipzig mpaka Lisbon, na hata kwenye maboksi mengi ya hapa. Ndiyo sehemu pekee ya boksi anayoweza kuisoma bila kujua Kijerumani. Atafute hilo la kwanza, na pia "Toluene-2,5-Diamine". Maboksi mengi ya Ujerumani yanatumia hilo la pili, na mtu anaweza kuona jina la kwanza halipo akafurahi. Ni ndugu wa tumbo moja. Wengi wanaomkataa mmoja humkataa na mwingine.

Halafu asome onyo. Sheria ya Ulaya inalazimisha maneno fulani kwenye rangi za aina hii, na mojawapo linataja tatuu ya "schwarzem Henna". Hilo ndilo piko. Linasema usipake nywele kama uliwahi kupata shida nayo. Wameandika kwa ajili ya mtu kama yeye, ila kwa lugha asiyoijua na herufi ndogo.

Tabasamu_Umoja
Mungu wangu. Nimempigia, amesoma: A ina Toluene-2,5-Diamine, B inayo na pia Resorcinol. Kwa hiyo hata ile "ohne Ammoniak" ilikuwa nayo.

Rangi_Mwafaka
Kwani asifanye tu jaribio la nyuma ya sikio? Si boksi lenyewe linasema masaa 48?

Dawa_na_Ngozi
Jaribio hilo ni la mtu ambaye hajawahi kupata shida. Kwa aliyeshapata malengelenge ni kujipakia tena sumu yake, na mara ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Kwenye kichwa haibaki kichwani: macho yanavimba yakafunga, uso unajaa, na wengine huishia hospitali. Anachohitaji ni daktari wa ngozi, huko anaitwa "Hautarzt", aombe "Epikutantest". Wanabandika vipande vidogo mgongoni, wanavitoa baada ya siku mbili na kusoma tena siku zinazofuata. Mpaka ajue anakataa nini hasa, hakuna rangi ya chupa mbili.

KalamuYaKucha
Daktari ana haki. Niongeze la unga wa zamani: hata kwa mtu asiye na aleji, kama alitumia unga au hina ya pakiti isiyojulikana, achukue nywele chache zilizokatika, azitie kwenye kijiko cha rangi iliyokwisha changanywa kwa nusu saa. Ikipata moto au ikitoa povu, kulikuwa na chumvi ya metali ndani, na kichwani ingemwunguza.

Tabasamu_Umoja
Sasa afanyeje na mvi? Kazi inaanza wiki mbili zijazo.

Dawa_na_Ngozi
Kwa wiki mbili hizo: "Ansatzspray". "Ansatz" ni mzizi. Ni poda ya kupuliza juu ya mvi, inaondoka kwa shampuu. Kwenye viambato atafute namba kama CI 77499, hiyo ni oksaidi ya chuma, nyeusi, inakaa juu tu. Asome mpaka mwisho hata hivyo. Apulizie nywele zikiwa zimebanwa, umbali wa kiganja, asubiri ikauke kabla ya kufunga kilemba, la sivyo kilemba ndicho kitakachopata rangi.

BintiLamu
Na hina na nili? Kwetu wazee walifunika mvi hivyo kabla hayo maboksi hayajaja. Kule anaweza kuona "Pflanzenhaarfarbe", rangi ya mimea.

Dawa_na_Ngozi
Inawezekana, kwa sharti moja: neno la mbele si ushahidi. Viambato viwe majani matupu, "Lawsonia Inermis" ndiyo hina na "Indigofera Tinctoria" ndiyo nili. Kikiwepo kingine chenye "-diamine", "-phenol" au "Sodium Picramate", aliache. Hina ya majani haiwezi kutoa weusi peke yake. Pakiti inayosema hina nyeusi kwa hatua moja ndani ya nusu saa ina kitu kingine.

BintiLamu
Kwa mvi zake afanye hatua mbili, kuchanganya pamoja hutoa kahawia. Nywele zake zitataka kama gramu 200 za hina na 200 za nili. Hina ilowekwe kwa maji ya vuguvugu na ndimu, ikae masaa kadhaa, apake mzizini kwa mabutu yaleyale ya Fundi, aache masaa mawili, aoshe kwa maji matupu. Mvi zitakuwa rangi ya karoti, asiogope. Nili ichanganywe na maji ya vuguvugu tu, bila ndimu, isubiri robo saa na itumike hapohapo kwa sababu inakufa haraka. Saa moja na nusu, aoshe. Siku ya kwanza inaweza kuonekana ya kijani, inakolea kuwa nyeusi ndani ya siku mbili. Asioshe kwa shampuu mpaka hapo. Mzizi wa mvi mgumu mara nyingine unadai nili mara ya pili.

Fundi_Ngara
Hiyo nakubali, ila akishatia hina ya majani asahau kupandisha rangi kwa blichi baadaye. Na hina inakausha. Akimaliza atumie kondishona nzito. Wateja wengine wanasema imewalegeza mikunjo kidogo, wengine wanaapa hapana.

Mrembo_SouthB
Kuna maduka ya Waafrika huko, lebo zinakuwa Kiingereza. Si angeenda huko tu?

KalamuYaKucha
Aende kwa mafuta na kondishona. Kwa rangi, boksi linalouzwa Ulaya linatakiwa kuwa na anwani ya mhusika aliye ndani ya Ulaya na maonyo kwa lugha ya nchi hiyo. Likikosa yote mawili, limepita mlango wa nyuma, na orodha ya viambato sitaiamini kwa mtu mwenye aleji. Akilikuta ni ule unga wetu wa Nairobi, basi ndiyo kabisa.

Tabasamu_Umoja
Amerudisha maboksi, amenunua Ansatzspray ya "dunkelbraun". Amenitumia viambato: CI 77499 ipo, CI 77491 ipo, halafu kuna "Parfum". Ameandikia kliniki ya ngozi, wamempa tarehe ya wiki sita zijazo.

Dawa_na_Ngozi
CI 77491 ni oksaidi nyekundu, sawa. "Parfum" ni manukato, asipulizie ngozi tupu. Na aende kliniki na jina la unga aliokuwa akitumia hapa, au picha ya pakiti kama bado iko nyumbani kwenu.

Tabasamu_Umoja
Pakiti iko bafuni. Naipiga picha pande zote sasa hivi. Je, na hina ya majani asubiri hizo wiki sita, au anaweza kuanza?

BintiLamu
Ya majani matupu angeanza.

Dawa_na_Ngozi
Mimi ningesubiri.